Pembetatu ya Nasibu: Mpaka Unavyovifunga Vigeu Viwili

Vigeu viwili nasibu vinapochunguzwa pamoja, tabia yake huelezwa na vitu viwili: fomula ya msongamano wa pamoja, na eneo ambalo fomula hiyo inafanya kazi. Nje ya eneo hilo msongamano ni sifuri. Wengi huishika fomula na kulisahau eneo, na eneo likiwa mraba usahaulifu huo hauna gharama kubwa. Likiwa pembetatu, hesabu hugeuka. Mipaka ya integrali hutoka kwenye mchoro, wala si kwenye fomula, na mara nyingi mstari wa mshazari unaoikata pembetatu ndio uliobeba habari yote ya jinsi kigeu kimoja kinavyokitegemea kingine.

Pembetatu ya namna hiyo huzaliwa kila vitu viwili vya nasibu vinapopangwa kwa ukubwa. Mfano ni mabasi mawili, moja la kijani na moja la bluu, yanayotarajiwa stendi kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Kila basi linaweza kuingia dakika yoyote ndani ya saa hiyo kwa uwezekano sawasawa, na la kijani halijali la bluu liko wapi. Muda ukipimwa kwa sehemu za saa, 0 ni saa mbili kamili na 1 ni saa tatu kamili. Nyakati za mabasi hayo mawili ni nukta moja inayoangukia popote ndani ya mraba wenye upande 1, na msongamano wake ni 1 kila mahali.

Abiria aliyesimama stendi, hata hivyo, haulizi habari za rangi. Anataka kujua basi la kwanza litaingia lini, na la pili lini. X na iwe wakati wa basi la kwanza, na Y wakati wa basi la pili. Kwa kuwa la kwanza haliwezi kuja baada ya la pili, x huwa ndogo kuliko y siku zote, na nukta (x, y) hubaki upande mmoja wa mshazari wa mraba. Mraba umekunjwa kwenye mshazari kama karatasi, na kila nukta ya upande wa chini imehamia juu ya nukta ya upande wa pili. Kinachobaki ni pembetatu yenye ncha (0, 0), (0, 1) na (1, 1). Kwa sababu tabaka mbili sasa zimelaliana, msongamano umekuwa maradufu:

f(x, y) = 2, pale 0 < x < y < 1; kwingineko 0.

Hesabu ya kwanza ya kufanya ni kuhakiki kwamba uwezekano wote ni 1. Eneo la pembetatu hiyo ni 1/2, na nusu mara 2 ni 1. Namba 2 yenyewe isimshtue msomaji. Uwezekano hauwezi kuzidi 1, lakini msongamano si uwezekano. Msongamano hugeuka uwezekano pale tu unapozidishwa kwa eneo, na eneo dogo linaruhusu msongamano mkubwa.

Msongamano wa pembeni wa X ni ule unaobaki Y inaposahauliwa kabisa. Ili kuupata, x hushikwa mahali pamoja, kisha msongamano hujumlishwa kwa y zote zinazowezekana pamoja na x hiyo. Hapa ndipo mchoro unapohitajika. Mstari wima ukichorwa kwenye thamani fulani ya x, huingia ndani ya pembetatu unapovuka mshazari, yaani y = x, na hutoka kileleni, y = 1. Basi mipaka ni x na 1, wala si 0 na 1:

f_X(x) = ∫ kutoka x hadi 1 ya 2 dy = 2(1 − x), kwa 0 < x < 1.

Msongamano wa pembeni wa Y huhitaji mstari mlalo. Kwenye urefu y, mstari huo huanza kwenye ukingo wa kushoto, x = 0, na huishia kwenye mshazari, x = y:

f_Y(y) = ∫ kutoka 0 hadi y ya 2 dx = 2y, kwa 0 < y < 1.

Majibu haya yanaingia akilini. Msongamano wa X ni mkubwa mwanzoni mwa saa na hupungua hadi sifuri, kwa sababu ni nadra mno basi la kwanza kuingia saa tatu kasoro kidogo: ingebidi mabasi yote mawili yawe yamechelewa. Y hufanya kinyume. Ajabu ndogo ni kwamba msongamano wa pamoja ni bapa, umelala sawasawa juu ya pembetatu nzima, ilhali misongamano ya pembeni yote miwili imeinama. Mwinamo huo haukutoka kwenye fomula, kwani fomula ni namba 2 tupu. Umetoka kwenye urefu wa vipande ambavyo mistari wima na milalo inakata ndani ya pembetatu.

Kosa linalotokea zaidi mahali hapa ni kuandika mipaka 0 na 1 kwa mazoea. Anayefanya hivyo hupata f_X(x) = 2, na dalili ya kosa ni kwamba jumla ya msongamano huo kuanzia 0 hadi 1 ni 2, wala si 1. Kosa la pili hujitambulisha lenyewe: msongamano wa pembeni wa X unaotoka ukiwa bado na herufi y ndani yake. Aghalabu aliyeufikia amejumlisha x kutoka 0 hadi y akidhani anaiondoa y. Baada ya y kujumlishwa, haipaswi kuonekana tena popote, hata kwenye mipaka.

Wastani wa kila kigeu hutoka kwenye msongamano wake wa pembeni. Wa X ni integrali ya x mara 2(1 − x), ambayo ni 1 − 2/3 = 1/3. Wa Y ni integrali ya y mara 2y, yaani 2/3. Kwa lugha ya stendi, basi la kwanza kwa wastani huingia saa mbili na dakika 20, na la pili saa tatu kasoro dakika 20. Mabasi mawili huigawa saa katika vipande vitatu ambavyo wastani wake ni sawa.

Variansi hupima jinsi thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Wastani wa X² ni 1/6. Ukitoa 1/9, ambayo ni kipeo cha pili cha 1/3, hubaki 1/18. Kwa Y, wastani wa Y² ni 1/2, na 1/2 − 4/9 nayo ni 1/18. Kulingana huku si bahati. Saa ikisomwa kinyumenyume, kutoka saa tatu kurudi saa mbili, basi la pili huwa la kwanza, na pembetatu hugeuka ikawa ileile.

Msongamano wa masharti hujibu swali la aina nyingine: X ikishajulikana, Y imebakiwa na uwezekano gani? Fomula yake ni msongamano wa pamoja ukigawanywa kwa msongamano wa pembeni wa kile kinachojulikana. Kwa x iliyo kati ya 0 na 1,

f(y | x) = 2 ÷ 2(1 − x) = 1 ÷ (1 − x), pale x < y < 1.

Sehemu ya mwisho, ile inayotaja y iko wapi, ni nusu ya jibu na haipaswi kuachwa. Bila hiyo fomula ni namba isiyobadilika kulingana na y, na mtu asiye makini anaweza kuhitimisha kwamba y imeenea katika saa nzima. Ukweli ni kwamba basi la kwanza likishaingia wakati x, basi la pili limeenea sawasawa katika muda uliosalia, kutoka x hadi 1, na wastani wake ni katikati ya muda huo: (1 + x)/2. Basi la kwanza likiingia saa mbili na nusu, la pili linatarajiwa, kwa wastani, saa tatu kasorobo. Kwa upande wa pili, Y ikijulikana kuwa y, msongamano wa masharti wa X ni 2 ÷ 2y = 1/y, pale 0 < x < y. X imeenea sawasawa kati ya 0 na y, na wastani wake ni y/2.

Kuna ugumu uliojificha katika maneno «X ikijulikana kuwa 1/2». Uwezekano wa basi kuingia katika nukta hiyo kamili ya wakati ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Kinachogawanywa hapa ni misongamano, wala si uwezekano. Maana yake hupatikana kwa kuchukua utepe mwembamba wima kuzunguka x = 1/2, kuhesabu uwezekano wa masharti ndani ya utepe huo, kisha kuufanya utepe uwe mwembamba zaidi na zaidi. Msingi madhubuti wa masharti yenye uwezekano sifuri uliwekwa na mwanahisabati Mrusi Andrei Kolmogorov katika kitabu chake cha mwaka 1933, ambacho ndicho kilichoisimika nadharia ya uwezekano juu ya mihimili ya hisabati ya kisasa. Kwa pembetatu yenye msongamano bapa, utepe mwembamba unatosha.

Namna sharti linavyotamkwa hubadili jibu, na mfano wa mabasi unalionyesha hilo waziwazi. Abiria wa kwanza anaambiwa: «Basi la kwanza limeingia saa mbili na nusu.» Kwake, basi la pili limeenea kati ya dakika ya 30 na ya 60, na wastani ni dakika ya 45. Abiria wa pili anaambiwa: «Mpaka saa mbili na nusu hakuna basi lililoingia.» Sharti lake si X = 1/2 bali X > 1/2. Kinachobaki kwake ni pembetatu ndogo yenye umbo lilelile, kuanzia dakika ya 30, na wastani wa basi la pili ndani yake ni theluthi mbili za nusu saa iliyobaki, yaani dakika ya 50. Abiria wa tatu anaambiwa: «Basi la kijani limeingia saa mbili na nusu.» Huyu hajaambiwa lolote kuhusu la bluu, ambalo bado linaweza kuwa mahali popote kati ya dakika ya 0 na ya 60, wastani dakika ya 30, huenda hata lilishapita. Wote watatu wamesikia habari ya saa mbili na nusu, na wote watatu wamehesabu sawa. Tofauti imo katika kipande cha eneo walichobakiziwa: wa kwanza amebakiwa na kipande cha mstari ndani ya pembetatu, wa pili na pembetatu nzima iliyo ndogo zaidi, na wa tatu na mstari unaouvuka mraba wote wa awali.

Abiria wa tatu anafunua jambo jingine. Mabasi yenyewe, la kijani na la bluu, hayategemeani hata kidogo. Utegemezi ulizaliwa pale yalipoitwa «la kwanza» na «la pili». Kitendo cha kupanga kwa ukubwa kinatosha kuunda uhusiano mahali ambapo hapakuwa na uhusiano wowote.

Uhusiano huo hupimwa kwa kovariansi. Hii ni wastani wa zao la X na Y, ukiondolewa zao la wastani zao:

Cov(X, Y) = E(XY) − E(X)E(Y).

Ikiwa chanya, X inapokuwa kubwa kuliko kawaida yake Y nayo huelekea kuwa kubwa. Ikiwa hasi, huelekea kinyume. Wastani wa zao unahitaji integrali mbili juu ya pembetatu. Kujumlisha x kwanza, kutoka 0 hadi y, kunarahisisha kazi: 2xy huwa y mara y², yaani y³. Kisha y³ hujumlishwa kutoka 0 hadi 1, na jibu ni 1/4. Anayependelea kuanza na y, kutoka x hadi 1, hupata x(1 − x²), na jumla yake kutoka 0 hadi 1 ni 1/2 − 1/4, jibu lilelile. Kwamba mpangilio wa kujumlisha haubadili jibu ni matokeo yanayohusishwa na Mtaliano Guido Fubini, aliyeyathibitisha kwa upana mwaka 1907. Kinachobadilika ni mipaka, na anayegeuza mpangilio bila kuichora upya pembetatu hupotea hapo. Basi

Cov(X, Y) = 1/4 − (1/3)(2/3) = 1/4 − 2/9 = 1/36.

Namba 1/36 peke yake haisemi mengi, kwa sababu hubadilika na kipimo. Muda ukihesabiwa kwa dakika, kila kigeu kinazidishwa kwa 60, na kovariansi inazidishwa kwa 3600 ikawa 100. Mtu anayeiona 100 anaweza kudhani amekuta uhusiano mzito sana. Ili kuondoa athari ya kipimo, kovariansi hugawanywa kwa zao la mikengeuko sanifu, yaani vipeuo vya pili vya variansi. Hapa variansi zote mbili ni 1/18, hivyo zao la mikengeuko yake ni 1/18 pia, na kizigeu cha uhusiano ni (1/36) ÷ (1/18) = 1/2. Kwa dakika, 100 ÷ 200 ni 1/2 vilevile. Namba hii haiwezi kutoka nje ya −1 na 1, na ikitoka, hesabu imeharibika mahali fulani, mara nyingi kwenye variansi.

Kuna njia mbili za kuihakiki 1/36, na zote zina thamani kuliko kurudia integrali ileile. Ya kwanza hutumia masharti. Wastani wa X, Y ikijulikana, ulikuwa Y/2. Kovariansi ya X na Y ni sawa na kovariansi ya wastani huo wa masharti na Y, kwa hiyo ni nusu ya variansi ya Y: nusu ya 1/18, yaani 1/36. Ya pili hurudi kwa mabasi yenyewe. Wakati wa la kwanza ukijumlishwa na wakati wa la pili, jumla ni ileile ya la kijani na la bluu, kwani kupanga hakubadilishi jumla. Mabasi hayo mawili hayategemeani, na variansi ya kila moja, kwa kuwa limeenea sawasawa katika saa moja, ni 1/12. Ya jumla yao ni 1/6. Kwa upande wa X na Y, variansi ya jumla ni 1/18 + 1/18 + 2(1/36), ambayo nayo ni 1/6. Aliyekosea alama ya kovariansi na kuandika −1/36 angepata 1/18, na kosa lingeonekana papo hapo.

Vigeu viwili havitegemeani pale msongamano wa pamoja unapolingana na zao la misongamano ya pembeni kila mahali. Katika pembetatu ya mabasi, zao hilo ni 2(1 − x) mara 2y, yaani 4y(1 − x), na hiyo si 2. Lakini hata bila zao, jibu lilishaonekana kwenye mchoro. Tuseme x ni 0.8 na y ni 0.2. Msongamano wa pembeni wa X kwenye 0.8 ni 0.4, na wa Y kwenye 0.2 ni 0.4; zao lao ni 0.16. Nukta (0.8, 0.2) iko nje ya pembetatu, ambako msongamano wa pamoja ni sifuri. Hitilafu hiyo haiko kwenye nukta moja tu. Imo katika kipande kizima kuizunguka, na hilo ndilo linalokata shauri. Basi la kwanza linaweza kuingia mwishoni mwa saa, na la pili linaweza kuingia mapema, lakini mawili hayo hayawezi kutokea siku moja.

Mtego mkubwa zaidi umo kwenye pembetatu ileile yenye fomula tofauti. Mabasi na yawe na tabia ya kuchelewa, kila moja likiwa na msongamano 2t katika saa hiyo, hivi kwamba uwezekano wa kuingia katika nusu saa ya kwanza ni 1/4 tu. Kwa la kijani na la bluu pamoja, msongamano juu ya mraba ni 2x mara 2y, yaani 4xy. Mraba ukikunjwa kwenye mshazari kama mwanzo, huwa

f(x, y) = 8xy, pale 0 < x < y < 1.

Fomula hii inaonekana kutengana vizuri: kipande cha x, kipande cha y, vimezidishwa. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba vigeu havitegemeani. Msongamano wa pembeni wa X hupatikana kwa kujumlisha 8xy kutoka y = x hadi y = 1, nao ni 4x(1 − x²). Wa Y, kwa kujumlisha kutoka x = 0 hadi x = y, ni 4y³. Zao lao ni 16xy³(1 − x²), nalo liko mbali na 8xy. Hitilafu iko wapi? Sharti x < y ni sehemu ya fomula, ingawa limeandikwa pembeni yake. Msongamano kamili ni 8xy ukizidishwa kwa kitu chenye thamani 1 pale x < y na 0 kwingineko, na kitu hicho hakiwezi kugawanywa kikawa kipande cha x peke yake na kipande cha y peke yake. Kwa vigeu visivyotegemeana, eneo lenye msongamano lazima liwe na pande zilizolala sambamba na mihimili, kama mraba au mstatili. Mpaka wowote wa mshazari unatosha kuuvunja uhuru huo, hata fomula iwe imetengana namna gani.

Hesabu iliyobaki hufuata njia ileile. Wastani wa X ni 8/15 na wa Y ni 4/5. Kwa dakika, ni 32 na 48. Wastani wa XY ni 4/9. Kovariansi ni 4/9 − 32/75, yaani 4/225. Variansi ya X ni 11/225 na ya Y ni 6/225, na kizigeu cha uhusiano ni 4 kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 66, takriban 0.49. Msongamano wa masharti wa X, Y ikijulikana, ni 2x/y² kutoka 0 hadi y, na wastani wake ni 2y/3, ambao hutoa uhakiki uleule: theluthi mbili za 6/225 ni 4/225. Wastani wa Y, X ikijulikana, haunyooki tena. Ni 2(1 + x + x²) ÷ 3(1 + x), mstari uliopinda kidogo. Pembetatu ya kwanza ilikuwa na ukarimu kwa kutoa mistari iliyonyooka pande zote mbili, na ukarimu huo hautegemewi kila mara.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kuichukua kovariansi ya sifuri kuwa ushahidi wa kutotegemeana. Kama vigeu havitegemeani na kovariansi yake ipo, lazima iwe sifuri. Kinyume chake si kweli, na pembetatu nyingine inatosha kulithibitisha hilo. Ncha zake ni (−1, 0), (1, 0) na (0, 1). Kitako kina urefu 2 na kimo ni 1, hivyo eneo ni 1, na msongamano bapa juu yake ni 1. Mstari mlalo kwenye urefu y hukata kutoka −(1 − y) hadi 1 − y, kwa hiyo msongamano wa pembeni wa Y ni 2(1 − y). Mstari wima hukata kutoka 0 hadi 1 − |x|, na huo ndio msongamano wa pembeni wa X.

Pembetatu hii ina ulinganifu kushoto na kulia. Kila nukta (x, y) ina mwenzake (−x, y), na mazao yao xy na −xy hufutana. Wastani wa XY ni sifuri, wastani wa X ni sifuri, na kovariansi ni sifuri bila integrali yoyote kuandikwa. Hata hivyo, Y ikiwa 0.1, X inaweza kuzurura kutoka −0.9 hadi 0.9, Y ikiwa 0.9, X imebanwa kati ya −0.1 na 0.1. Anayeijua Y anajua mengi kuhusu X. Asichokijua ni upande gani wa sifuri X iliko, na kovariansi huuliza kuhusu upande tu: Y ikipanda, X kwa wastani huelekea wapi? Wastani wa masharti wa X ni sifuri kwa kila y, basi kovariansi haina cha kuripoti. Variansi ya masharti ndiyo inayosema. Kwa kipande kilichoenea sawasawa chenye urefu 2(1 − y), variansi ni kipeo cha pili cha urefu huo kugawanywa kwa 12, yaani (1 − y)²/3, nayo hupungua kadiri Y inavyopanda.

Kukiri utegemezi huo hakuhitaji variansi pia. Nukta (0.9, 0.9) iko nje ya pembetatu, ilhali misongamano ya pembeni kwenye 0.9 ni 0.1 kwa X na 0.2 kwa Y, na yote ni mikubwa kuliko sifuri.